Chanjo kwa binti, kipimo kwa mama: Jinsi ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi

SARATANI ya mlango wa kizazi ni mojawapo ya saratani chache ambazo chanzo chake kinajulikana, njia ya kuikinga inajulikana, na dalili za mwanzo zinaweza kuonekana na kuondolewa miaka mingi kabla ya ugonjwa wenyewe kuzuka. Hata hivyo, kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 5,000 nchini Kenya hupatikana na saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 3,000 hufariki kutokana nayo. Wengi wao hufika hospitalini wakati ambapo ugonjwa umekwisha kupita hatua ya kutibiwa kwa urahisi.

Wazazi wengi wamesikia kuhusu sindano wanayodungwa wasichana wa miaka 10. Akina mama wengi, nao, wamesikia kuhusu kipimo kinachofanywa katika kliniki. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya jinsi mambo haya mawili yanavyohusiana, na kwa nini moja haliwezi kuchukua nafasi ya jingine. Chanjo haimponyi mama aliyekwisha kuambukizwa, na kipimo hakimkingi binti ambaye bado hajaambukizwa. Ili kuelewa sababu yake, sharti kwanza tufuate safari ya kirusi chenyewe.

Kirusi kinachokaa kimya

Karibu visa vyote vya saratani hii husababishwa na virusi vya jamii ya HPV. Kuna aina nyingi za virusi hivi. Baadhi huleta vinyoo vya kawaida mikononi na miguuni na havina madhara makubwa. Zipo aina nyingine chache ambazo hupenda kukaa katika seli za mlango wa kizazi na ambazo zaweza kuzigeuza tabia. Aina mbili, zinazoitwa nambari 16 na nambari 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008.

Virusi hivi huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi ya sehemu za siri wakati wa kujamiiana. Mpira wa kondomu hupunguza hatari lakini hauiondoi kabisa, kwa sababu haufuniki ngozi yote. Watu wengi walioanza kujamiiana huambukizwa wakati mmoja au mwingine maishani, wanaume kwa wanawake, na hawajui kamwe kwamba waliambukizwa. Hakuna maumivu, hakuna homa wala upele.

Katika wanawake wengi kinga ya mwili huvishinda virusi hivi yenyewe. Takriban maambukizi tisa kati ya kumi hutoweka katika muda wa miaka miwili hivi. Tatizo liko katika yale machache yanayobaki. Kirusi kinapoishi ndani ya seli mwaka baada ya mwaka, seli hizo huanza kubadilika umbo na kuzaana ovyo. Hatua hii bado si saratani. Ni kama nyufa zinazoonekana ukutani kabla nyumba haijaporomoka. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, kutoka maambukizi hadi saratani yaweza kuchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi bila matibabu, safari hiyo yaweza kuwa ya miaka mitano hadi kumi tu.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya kuokoa maisha. Chanjo humfikia mtu kabla safari hiyo haijaanza. Kipimo humfikia akiwa katikati ya safari. Mwanamke anayengoja dalili, kama vile kutokwa na damu baada ya kujamiiana, kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, ute wenye harufu mbaya au maumivu ya nyonga, anakuwa ameiacha miaka hiyo yote ipite, kwa kuwa dalili hizo kwa kawaida huja wakati saratani imekwisha kujengeka.

Mama anapoingia chumba cha kupimwa

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 38, mwenye watoto watatu, asiye na maumivu yoyote, ambaye hajawahi kupimwa. Yeye ndiye hasa mtu anayelengwa na kipimo hiki. Huenda aliambukizwa akiwa na miaka 20 na kitu, na kama kirusi kilibaki, seli zake zimekuwa na muda wa kutosha kubadilika.

Zipo njia tatu za kumpima. Ya kwanza ni kutafuta kirusi chenyewe, yaani kipimo cha HPV. Muuguzi hutumia kiburashi laini kuchukua ute kutoka kwenye mlango wa kizazi na kuupeleka maabara, ambako mashine hutafuta chembe-urithi za aina zile za hatari. Kipimo hiki kina faida moja kubwa: mwanamke anaweza kujichukulia ute yeye mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kuingiza kiburashi ukeni, kukizungusha kulingana na maelekezo na kukirudisha katika kichupa chake. Si lazima afike mlango wa kizazi wenyewe, kwa kuwa virusi hupatikana pia katika ute wa uke. Kwa wanawake wengi wanaoona haya kupanua miguu mbele ya mhudumu, njia hii huondoa kikwazo kikubwa.

Njia ya pili ni kipimo cha siki. Mama hulala chali, muuguzi huingiza kifaa cha kupanulia uke na kuumulika mlango wa kizazi kwa taa. Kisha huupaka kwa pamba iliyochovywa katika asidi ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, na kusubiri dakika moja. Mlango wa kizazi wenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Seli zilizobadilika hugeuka kuwa doa jeupe lenye kingo zinazoonekana wazi. Mama huhisi baridi na pengine mwasho kidogo, na jibu hupatikana papo hapo.

Njia ya tatu ni kipimo cha Pap, kilichopewa jina la daktari Mgiriki George Papanicolaou. Seli hukwanguliwa taratibu, hupakwa kwenye kioo na kuchunguzwa kwa hadubini. Ni kipimo cha miaka mingi na kimepunguza sana vifo katika nchi tajiri, lakini kinahitaji wataalamu wa maabara ambao ni adimu nje ya miji mikubwa, na majibu yaweza kuchelewa.

Kila njia ina udhaifu wake. Kipimo cha siki ni rahisi na hakihitaji maabara, lakini hutegemea macho na uzoefu wa anayetazama. Wahudumu wawili waweza kutofautiana kuhusu mlango mmoja wa kizazi. Isitoshe, hakifai sana kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma, kwa maana eneo ambalo seli hubadilika hurudi ndani ya mfereji na halionekani tena. Kipimo cha HPV ndicho chenye uwezo mkubwa zaidi wa kugundua hatari, na ndicho Shirika la Afya Duniani (WHO) linachopendekeza kitangulizwe pale kinapopatikana. Udhaifu wake ni kwamba huonyesha kuwepo kwa kirusi tu, bila kueleza iwapo kirusi hicho kimeleta madhara.

Mwanamke anayekwenda kupimwa anashauriwa achague siku ambazo hayuko katika hedhi, na asijioshe ndani ya uke wala kutumia dawa za kuingiza ukeni katika siku mbili zinazotangulia. Anayetokwa na damu isiyo ya kawaida hapaswi kungoja ikome. Yeye anahitaji daktari wa kumchunguza mara moja, si kipimo cha kawaida.

Jibu likirudi na kirusi

Tuseme mama yetu wa miaka 38 alichukuliwa ute, na baada ya siku kadhaa akapigiwa simu arudi. Kirusi kimepatikana. Wengi husikia neno hilo na kudhani wamehukumiwa kifo. Muuguzi mwenye busara humweleza hivi: "Mama, huna saratani kwa sababu ya jibu hili. Lina maana kwamba tutazame vizuri, na kama kuna kitu tukiondoe mapema."

Hatua inayofuata ni kuutazama mlango wa kizazi kwa siki. Tuseme doa jeupe limeonekana. Muuguzi hujiuliza maswali matatu. Je, doa lote linaonekana, au linaingia ndani ya mfereji ambako jicho halifiki? Je, ni dogo, au limefunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi? Je, kuna kidonda, uvimbe au damu inayotoka kwa kuguswa tu, mambo yanayotia shaka ya saratani yenyewe? Ikiwa doa ni dogo, linaonekana lote na halina dalili za saratani, mama anaweza kutibiwa siku hiyo hiyo katika chumba hicho hicho.

Tiba inayotumika sana ni kuziua seli hizo kwa joto au kwa baridi. Kwa njia ya joto, kifaa kidogo chenye ncha iliyopashwa hadi nyuzi 100 hivi huwekwa juu ya doa kwa muda wa sekunde 20 hadi 30, na huweza kurudiwa ili kufunika eneo lote. Kwa njia ya baridi, gesi hugandisha ncha ya chuma. Seli hugandishwa kwa dakika tatu, huachwa dakika tano ziyeyuke, kisha hugandishwa tena kwa dakika tatu. Njia zote mbili huleta maumivu yanayofanana na ya hedhi. Hakuna kulazwa, hakuna kushonwa, na kizazi hakiondolewi. Mwanamke bado anaweza kushika mimba baadaye.

Baada ya tiba, mama hutokwa na majimaji mengi kwa wiki kadhaa. Hilo ni la kawaida. Anapaswa kukaa wiki nne bila kujamiiana ili kidonda kipone, na mumewe anapaswa kuelezwa sababu. Akipata homa, damu nyingi au ute wenye harufu mbaya, arudi hospitalini bila kungoja. La muhimu zaidi ni miadi ya baada ya miezi 12, ambapo hupimwa tena kuhakikisha kwamba hakuna kilichosalia.

Ikiwa doa ni kubwa au linaingia ndani, mama hupewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, ambako sehemu iliyoathirika hukatwa kwa waya mwembamba wenye umeme na kupelekwa maabara. Ikishukiwa kuwa ni saratani, kipande kidogo huchukuliwa kwanza ili kuthibitisha. Hapa ndipo akina mama wengi hupotea. Barua inakunjwa, nauli inakosekana, msimu wa kupanda unaingia, na kwa kuwa mtu hana maumivu anaona safari yaweza kungoja. Kipimo ambacho hakikufuatiwa na tiba hakijamsaidia mtu. Kwa hivyo, kabla ya kupimwa, ni vyema mwanamke aulize mambo mawili: nitapataje majibu, na nikipatikana na tatizo nitatibiwa wapi?

Kwa upande mwingine, kama kirusi kimepatikana lakini mlango wa kizazi unaonekana safi, mama hupangiwa tarehe ya kurudi kupimwa tena, kwani huenda kinga yake ikakimaliza kirusi hicho.

Lipo jambo jingine linalovunja nyumba bila sababu. Jibu la HPV halithibitishi kwamba mume au mke amekuwa na mtu wa nje. Kirusi hiki chaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila kujulikana, na hakuna kipimo kinachoweza kueleza kiliingia lini au kilitoka kwa nani. Mwanamke aliyeolewa kwa miaka 15 na mume mmoja mwaminifu anaweza kupatikana nacho, na kikawa kimetoka kwa mmoja wao kabla hawajajuana.

Nani apimwe, na baada ya muda gani

Mapendekezo ya WHO ni kwamba mwanamke aanze kupimwa kwa kipimo cha HPV akiwa na miaka 30, na akiwa hana kirusi arudie baada ya miaka mitano hadi kumi. Muda huo unaweza kuonekana mrefu, lakini una mantiki: ikiwa kirusi hakipo leo, saratani haiwezi kuchipuka kesho, kwa kuwa safari yake huchukua miaka. Kwa kipimo cha siki au cha Pap, ambavyo vinaweza kukosa mabadiliko madogo, muda huwa mfupi zaidi, miaka mitatu hivi.

Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi huanza akiwa na miaka 25 na hurudia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa sababu hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya mwanamke asiye na virusi hivyo. Nchini Kenya, kliniki nyingi za tiba ya ukimwi hutoa huduma hii katika jengo hilo hilo, na ni haki ya mwanamke kuiulizia anapokwenda kuchukua dawa zake.

WHO imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, wanawake 70 kati ya kila 100 wawe wamepimwa kabla ya kutimiza miaka 35 na tena kabla ya miaka 45. Tazama kwamba ni vipimo viwili tu. Sio lazima mwanamke awe mgeni wa kliniki kila mwezi. Akipimwa vizuri mara hizo mbili na kutibiwa inapohitajika, atakuwa amepunguza hatari yake kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini msichana wa miaka 10

Chanjo ya HPV haina kirusi ndani yake. Wanasayansi hutengeneza ganda la nje la kirusi pekee, lisilo na chembe-urithi, yaani kama ganda la yai lisilo na kiini. Ganda hilo haliwezi kuambukiza wala kuzaana. Mwili hulitazama, huliona kama adui na kutengeneza askari wa kupambana nalo. Siku ambayo kirusi halisi kitakuja, askari hao watakuwa wamekwisha kukijua na watakizuia kisiingie katika seli.

Kutokana na maelezo hayo, mzazi ataona kwa nini umri ni jambo kubwa. Askari hao huzuia kirusi mlangoni. Kikiwa kimekwisha kuingia ndani ya seli, hawana uwezo wa kukifukuza. Kwa hivyo chanjo hutolewa kabla msichana hajaanza kabisa kujamiiana. Umri huu haukuchaguliwa kwa dhana kwamba watoto wa miaka 10 wana tabia mbaya. Ulichaguliwa kwa sababu mwili wa umri huo hutengeneza kinga kwa nguvu zaidi kuliko wa mtu mzima, na kwa sababu sindano ya surua nayo hudungwa kabla ya surua kufika.

Utafiti uliofanywa nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka 2020 unaonyesha tofauti hiyo bayana. Wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 88 kuliko wale ambao hawakuchanjwa. Waliochanjwa kati ya miaka 17 na 30 walipata punguzo la asilimia 53. Chanjo ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni wakati.

Utafiti wa Kenya na hoja ya sindano moja

Kenya ilianza kwa jaribio katika Kaunti ya Kitui mwaka 2013. Mnamo Oktoba 18, 2019, Rais Uhuru Kenyatta alizindua rasmi mjini Mombasa mpango wa taifa wa kuwachanja wasichana wa miaka 10. Wakati huo kila msichana alitakiwa kupata sindano mbili zilizoachana kwa miezi sita. Miezi michache baadaye shule zilifungwa kutokana na janga la Korona, na wasichana wengi waliopata sindano ya kwanza hawakupata ya pili.

Swali likazuka: je, sindano moja inatosha? Jibu lenye uzito mkubwa lilitoka hapa nyumbani. Utafiti uitwao KEN SHE, ulioshirikisha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) na watafiti wa ng'ambo, uliwaandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika miji ya Kisumu, Thika na Nairobi. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Makundi mawili yalipata dozi moja ya chanjo ya HPV, kila kundi aina yake. Kundi la tatu lilipata kwanza chanjo ya ugonjwa mwingine, homa ya uti wa mgongo, ili kulinganisha.

Miezi 18 baadaye, watafiti waliwahesabu wale ambao hapo mwanzo hawakuwa na virusi nambari 16 na 18, na ambao sasa walikuwa wameambukizwa na virusi hivyo vikabaki mwilini. Katika kundi lisilopata chanjo ya HPV walikuwa 36. Katika kila kundi lililochanjwa alikuwa mmoja tu. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5 kutokana na sindano moja, kama ilivyochapishwa mwaka 2022.

Msomaji atambue kwamba watafiti waliwaweka kando katika hesabu hiyo wale waliokuwa na virusi tangu mwanzo. Sababu yake ndiyo ile ile tuliyoitaja: chanjo haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia. Katika kundi la wasichana wa miaka 15 hadi 20, tayari walikuwemo walioambukizwa. Mzazi anayesema atangoja binti yake akue kwanza ndipo amchanje anangoja hatari iwahi kufika.

Mwaka huo huo wa 2022, WHO ilitangaza kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja. Kenya ilifuata mwaka 2025, na sasa utaratibu ni sindano moja kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Kwa mzazi ambaye binti yake alipata ile ya kwanza na kukosa ya pili, habari hii ni faraja: kulingana na mwongozo mpya, sindano hiyo moja inahesabika. Wanaotofautiana ni wasichana wanaoishi na virusi vya ukimwi au wenye kinga dhaifu kwa sababu nyingine. Hao wanahitaji dozi zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu. Mzazi wa mtoto kama huyo amweleze muuguzi hali yake kwa faragha ili asihesabiwe pamoja na wengine.

Hofu za wazazi

Chanjo hii ilipozinduliwa mwaka 2019, ilipingwa na baadhi ya watu, kikiwemo chama cha madaktari wa Kikatoliki nchini, na maswali yaliyoulizwa wakati huo bado yanasikika sokoni na katika vikao vya wazazi. Yanastahili kujibiwa.

La kwanza ni kwamba sindano itawafanya wasichana kuwa tasa. Ganda lisilo na chembe-urithi haligusi mayai wala kizazi, na mamilioni ya wasichana waliochanjwa tangu mwaka 2006 katika nchi nyingi wamekua na kuzaa. Ukweli ni kinyume chake: kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, ambayo tiba yake mara nyingi ni kukiondoa kizazi au kukichoma kwa miale.

La pili ni kwamba binti atapata ruhusa ya uasherati. Mtoto wa miaka 10 anachoona ni sindano begani, kama alizozipata alipokuwa mchanga. Mzazi anaweza kumwambia tu kwamba inamkinga na saratani atakapokuwa mkubwa, na maneno hayo ni ya kweli. Mafunzo ya maadili yanabaki mikononi mwa mzazi, kama kawaida. Aidha, msichana aliyelelewa vizuri na kufika kwenye ndoa akiwa bikira bado anaweza kuambukizwa na mumewe.

La tatu linahusu madhara. Bega huuma na kuvimba kidogo, na baadhi hupata maumivu ya kichwa au homa ndogo kwa siku moja au mbili. Wasichana wengine huzimia kwa woga wa sindano, jambo linalotokea kwa chanjo yoyote ya umri huo. Ndiyo maana huambiwa wakae kwa dakika 15 baada ya kudungwa. Mzio mkali ni nadra sana, lakini mtoto aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo nyingine lazima atajwe kwa muuguzi mapema.

Binti aliyechanjwa naye atapimwa

Lipo kosa moja la mwisho ambalo hutokana na matumaini. Baadhi ya wazazi hudhani kwamba binti akishachanjwa, habari ya vipimo imekwisha. Chanjo huzuia aina za hatari zaidi, lakini si zote. Ikiwa aina nambari 16 na 18 huleta asilimia 70 ya visa, basi zipo aina nyingine zinazoleta vilivyobaki, na kinga dhidi yake hutegemea chanjo iliyotumika. Kwa sababu hiyo msichana anayedungwa leo akiwa na miaka 10 ataitwa kupimwa atakapofikisha miaka 30, kama mama yake anavyoitwa sasa.

Kwa wakati huu, mzazi mwenye binti wa miaka 10 hadi 14 aitazame kadi yake ya chanjo. Kama hakuna alama ya HPV, zahanati ya umma iliyo karibu ndiyo pa kuanzia, hata kama shule haijatembelewa na wahudumu. Na mama anayempeleka anaweza kuuliza, akiwa pale pale, siku gani ya wiki kipimo cha mlango wa kizazi hufanywa na kama kuna kiburashi cha kujipima mwenyewe. Akiambiwa kwamba hakuna, aulize jina la kituo kinachotoa huduma hiyo katika kaunti yake, na aandike tarehe ya kwenda.